"Bimonthly": kila miezi miwili, au mara mbili kwa mwezi?

*Jambo, mtafsiri. Mimi ni katibu wa ushirika wa kahawa, Kalehe. Mfadhili ametupa mkataba wa mwaka mmoja kuanzia 1 Machi. Kwa Kiingereza umeandikwa "bimonthly report", kwa Kifaransa "rapport bimensuel". Mweka hazina anasema ni ripoti mbili kila mwezi, mimi nasema ni moja kila miezi miwili. Pesa inatoka kwa awamu sita, kila awamu baada ya ripoti. Tumfuate nani?*

Mama Katibu, jibu umeliandika mwenyewe: awamu sita. Miezi 12, ripoti 6, basi ni moja kila miezi miwili: mwisho wa Aprili, Juni, Agosti, Oktoba, Desemba na Februari. Kwa hesabu ya mweka hazina zingekuwa ripoti 24, na jedwali la malipo lingekuwa jingine kabisa.

Lakini msimcheke. Kifaransa amekisoma vizuri: "bimensuel" ni mara mbili kwa mwezi, hakuna ubishi. Kila miezi miwili ni "bimestriel". Aliyeharibu ni mtafsiri, na najua alivyoharibu, maana karatasi za namna hii zinafika mezani kwangu hapa Bukavu kila mara. Aliona "bi", akasema mbili. Akaona mwezi, akachukua neno la kwanza la Kifaransa lenye mwezi ndani, kazi ikaisha.

Hiyo "bi ni mbili" ndiyo inayonichosha. Mbili ya nini? Mara mbili ndani ya kipindi kimoja, au mara moja katika vipindi viwili? Herufi hizo hazisemi. "Bimonthly" ya Kiingereza inabeba maana zote mbili, na kamusi zinaziandika zote mbili, kwa hiyo msipoteze usiku mkigombana juu ya kamusi. "Biannual" kwa kawaida ni mara mbili kwa mwaka, "biennial" ni kila miaka miwili. Kifaransa nacho kina "biannuel" na "bisannuel", na Wafaransa wenyewe wanazichanganya. Aliyetakiwa kutoa ripoti baada ya miezi sita anaweza kukaa miaka miwili akisubiri siku yake.

Pesa ya mshahara ndiyo inaumia zaidi. Mlinzi mmoja aliniletea mkataba wake: Kiingereza kinasema dola 100 "fortnightly", Kifaransa kinasema "bimensuel". Alikuwa analipwa tarehe 15 na mwisho wa mwezi. "Fortnight" ni neno la zamani la Waingereza, maana yake usiku kumi na nne: majuma mawili kamili. Mwaka una majuma 52, kwa hiyo malipo ni 26, dola 2,600. Yeye alipata mara 24, dola 2,400. Dola 200 zilipotelea ndani ya neno moja, na hakuna mtu aliyeiba. Mhasibu alilipa kama karatasi ilivyomwambia.

Kifaransa nacho kina namna yake ya kusema hilo. Wanasema "tous les quinze jours", siku kumi na tano, kwa sababu wanahesabu Jumatatu ya kwanza na Jumatatu ya mwisho pia. Ni yale yale majuma mawili. Asiyejua desturi hiyo anahesabu 15 kweli, anaangukia katikati ya mwezi, na mlinzi analala na njaa. Dalili ni rahisi kuiona kwenye kalenda ya ukutani: malipo ya majuma mawili yanaangukia siku ile ile, tuseme Ijumaa hii ndiyo, inayofuata hapana, huku tarehe ikibadilika, na kuna miezi inayobeba malipo matatu. Malipo ya mara mbili kwa mwezi yanashika tarehe, siku ndiyo inabadilika. Ikiwa katika mwaka mzima hujawahi kuona mwezi wa malipo matatu, hulipwi kwa majuma mawili.

Rudini kwa mfadhili sasa, kabla ya Aprili, mumwombe asahihishe Kifaransa. Tazameni pia karibu na mwisho wa mkataba kama kuna kifungu kinachosema lugha ipi ndiyo itafuatwa pakitokea ubishi. Ikiwa ni Kifaransa, "bimensuel" yenu ina meno. Sentensi mpya isiwe na "bi" yoyote: "ripoti sita, moja kila miezi miwili, ya kwanza tarehe 30 Aprili."

Na wale vijana wa kando ya mashine ya fotokopi, wanaotafsiri kurasa kumi wakati kopi zinatoka: sina chuki nao, wanatafuta maisha. Kabla ya kuwalipa, wekeni kidole juu ya kila neno la muda na muulize, "Hii ni mara ngapi kwa mwaka?" Akikujibu "bi ni mbili, mama", chukua karatasi zako.