Usifidie upungufu wa saruji kwa nondo zilizozidi

"Wakuu, natunza stoo ya vifaa vya ujenzi. Tumemaliza kuhesabu na tofauti kwa jumla ni ndogo sana, bosi anataka nirekebishe mfumo leo. Naomba mfano wa karatasi ya kulinganisha."

Usiguse mfumo leo! Hiyo "kwa jumla" ndiyo iliyotuumiza sisi. Mfumo ulisema saruji mifuko 420, tukahesabu 380. Pungufu 40 kwa bei ya kununulia ya 16,000 ni shilingi 640,000. Nondo za milimita 12 mfumo ulisema 150, tukakuta 180. Ziada 30 kwa 21,000 ni shilingi 630,000. Mhasibu akatoa moja kwenye nyingine, akabaki na 10,000, akasema hiyo si kitu, rekebisheni mfunge. Mtu aliyesomea hesabu! Mfuko wa saruji uliopotea unalipwaje na nondo?

Zile nondo hazikuwa ziada hata kidogo. Mzigo ulishushwa kabla hatujaanza kuhesabu, ila hati ya kupokelea ilikuwa bado mezani. Tulipokwisha kurekebisha mfumo kuwa 180, karani akaingiza hati, mfumo ukasoma 210 huku chini zipo 180. Hesabu iliyofuata nikaulizwa nondo 30 nimezipeleka wapi. Na saruji haikuwa na wa kuiulizia tena, kwa sababu upungufu wake ulishafutwa kwa sahihi yetu wenyewe.

Kwa hiyo kila bidhaa isimame peke yake. Safu A jina, B idadi ya mfumo, C uliyohesabu, D tofauti, E bei ya kununulia (ya kuuzia itakuza hasara kwa faida ambayo hujaipata), F thamani ya tofauti, G thamani hiyohiyo bila alama ya kutoa, H ya kurudia:

```
D2: =C2-B2
F2: =D2*E2
G2: =ABS(F2)
H2: =IF(G2>=50000,"RUDIA","")
```

Hiyo 50,000 badilisheni kulingana na ukubwa wa duka. Panga kwa safu G kuanzia kubwa, saruji na nondo zitakaa juu pamoja, ziada na upungufu bila ubaguzi. Zenye RUDIA zihesabiwe na mtu mwingine, na karatasi yake iwe na jina la bidhaa na mahali ilipo tu. Akiiona idadi ya mfumo ataitafuta mpaka aipate.

Kabla hajaanza, kusanya hati zote za mzigo ulioingia au kutoka kabla ya hesabu na ambazo hazijaingizwa. Ziingizwe kwa tarehe zake, safu B itolewe upya. Bosi akikusukuma urekebishe kabla ya hapo, mwambie aandike na kusaini yeye.