Prednisoloni haiachwi kwa sababu uvimbe umeshuka

*Swali: Daktari, mwanangu wa kiume ana miaka minne na uzito wa kilo 16. Alivimba macho, kisha tumbo na miguu, na mkojo wake ulikuwa na povu jingi. Hospitalini walimpa prednisoloni. Siku ya kumi uvimbe ulikwisha, tukaacha dawa kwa kuogopa sumu yake. Sasa amevimba tena. Mwenye duka la dawa anasema prednisoloni imemkataa, ameniuzia vidonge vya kukojoza, na jirani ananishauri mitishamba. Nifanye nini? – Mama, Kasese*

Mama, hakuna anayeweza kusema kwamba dawa imemkataa mtoto aliyeimeza kwa siku kumi tu, na nasikitika kwamba maneno hayo yanatoka kwa mtu anayeuza dawa. Katika nefrotiki, yaani ugonjwa huu wa figo kuvujisha protini kwenye mkojo, tunangoja hadi wiki nne za dozi kamili ya kila siku kabla ya kuanza kushuku kwamba figo hazisikii steroidi, kundi la dawa ambalo prednisoloni imo, na hata hapo kinachotazamwa ni mkojo, si uso.

Chujio la figo la mtoto huyu limelegea na linapitisha albumini, protini ambayo kazi yake mojawapo ni kuyashika maji ndani ya mishipa ya damu. Protini hiyo ndiyo inayoufanya mkojo utoe povu lisilokwisha upesi, kama ute wa yai uliopigwa. Albumini ikipungua katika damu, na figo nazo zikizidi kushikilia chumvi, maji huhamia kwenye nyama: asubuhi huonekana kwenye kope, jioni miguuni. Uvimbe ni matokeo ya mwisho, na unaweza kushuka wakati chujio bado linavuja.

Hapa ndipo vidonge vya kukojoza vinapowadanganya watu. Vinatoa maji bila kuziba chujio. Kwa mtoto ambaye maji mengi yamekwisha kutoka katika mishipa, kumkojoza bila usimamizi huipunguza zaidi damu inayozunguka, figo huweza kuumia, na damu ambayo katika ugonjwa huu tayari ina mwelekeo wa kuganda hupata nafasi zaidi ya kuganda. Daktari huvitumia wakati mwingine, lakini baada ya kumpima mtoto. Visimamishe leo, na umpeleke hospitalini ukiwa na orodha ya kila alichomeza.

Kwa uzito wake, dozi ya kawaida ni miligramu 2 kwa kila kilo, yaani takriban miligramu 30, vidonge sita vya miligramu 5, asubuhi baada ya chakula, kwa wiki nne hadi sita. Kisha hupewa kama miligramu 25 siku moja na kupumzika siku inayofuata, kwa wiki nne hadi sita nyingine. Daktari wenu ndiye atakayeamua jinsi ya kuianza upya. Kazi yako itakuwa kuchovya kijiti cha kupimia protini katika mkojo wa kwanza wa asubuhi na kuandika jibu katika daftari. Kijiti kikionyesha hakuna protini, au chembe tu, kwa siku tatu mfululizo, figo zimeitikia, lakini dozi zilizobaki zinakamilishwa. Kikirudi kwenye 3+, yaani protini nyingi, kwa siku tatu mfululizo, ugonjwa umerudi, hata kama uso haujavimba.

Daftari hilo litakusaidia pia mashavu yatakapojaa. Steroidi huongeza hamu ya kula na huufanya uso kuwa wa mviringo. Wazazi wengi hudhani ni uvimbe ule ule na kuiacha dawa, ilhali mkojo uko safi kabisa. Madhara yake ni ya kweli, na ndiyo maana shinikizo la damu na urefu wa mtoto hupimwa. Lakini kuikata ghafla baada ya wiki kadhaa ni hatari, kwa sababu mwili unakuwa umepunguza kutengeneza steroidi yake wenyewe.

Ikiwa wiki nne zitapita na kijiti bado kinasoma 3+, hapo ndipo hospitali ya rufaa kama Mulago inapohitajika, pengine kwa kuchukua kipande kidogo cha figo na kuchagua dawa nyingine. Watoto wengi wa umri wake huitikia, na wengi wao ugonjwa huwarudia mara kadhaa kabla ya kuisha ukubwani. Wanaouza mitishamba huuita kila utulivu wa ugonjwa uponyaji wao. Wakati huo huo baadhi ya mizizi huziumiza figo zenyewe, na mtoto hufika kwetu akiwa hakojoi tena.

Nasema haya kwa kila mzazi ambaye mtoto wake ameamka na kope zilizovimba: asipewe dawa ya mzio, ya minyoo wala ya kukojoza kabla mkojo haujapimwa. Na mtoto mwenye nefrotiki akipata homa pamoja na maumivu ya tumbo, mguu mmoja ukivimba kuliko mwingine, au akipumua kwa shida, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, kwa kuwa maambukizi ya tumboni na damu iliyoganda huwaua watoto hawa upesi kuliko ugonjwa wa figo wenyewe.