Jibu: Pini inamfikisha mgeni nyumba ya nyuma

"Mtaa wetu hauna jina. Nikituma lokesheni, wageni wanatokea mtaa wa nyuma. Nifanyeje?"

Tatizo ni kwamba unatuma mahali simu inapodhani ipo. Ukiwa ndani, chini ya paa, inaweza kukosea kwa makumi ya mita, na ramani humpeleka mgeni kwenye barabara iliyo karibu na pini, hata kama iko nyuma ya ukuta wako.

Fungua Google Maps, weka picha ya setilaiti, kuza mpaka uone paa lako, kisha bonyeza kwa sekunde kadhaa pale getini, upande wa barabara. Usibonyeze juu ya paa. Chini itatokea plus code, yaani anwani ya mahali hapo kwa herufi na tarakimu, yenye sura kama `PR6C+24`, ikifuatwa na jina la mji. Tuma vyote viwili, maana bila mji kodi hiyo fupi haijitoshelezi.

Ukiisoma kwa simu, kumbuka haina sifuri, moja wala herufi O. Mtu akiandika hizo, amekosea. Kodi hushika mraba wenye upande wa mita 14 hivi, kwa hiyo geti la jirani laweza kuingia humo. Ongeza rangi ya geti lako.