Indeksi ikijengwa upya usiku, asubuhi kurasa zinapasuka

Kwenye seva nyingi za SQL Server kuna kazi ya usiku isiyoulizwa maswali: inapita kwenye indeksi zote, na ile iliyotawanyika, yaani yenye kurasa zisizofuatana, kwa zaidi ya asilimia 30 inajengwa upya. Namba hiyo ilikaa kwenye nyaraka za Microsoft kwa miaka mingi, ikawa kama sheria. Kwa indeksi za aina fulani, kazi hiyo ndiyo inayozalisha tatizo inalokuja kulitibu kila usiku.

Tuchukue jedwali la `Maagizo`, lenye rekodi 4,000,000. Ufunguo wake mkuu, ambao indeksi yake ndiyo inayobeba rekodi zenyewe, ni `uniqueidentifier` unaotolewa na `NEWID()`, maana yake kila rekodi mpya inaangukia mahali popote ndani ya indeksi. Ukurasa mmoja wa SQL Server una KB 8. Ukitoa baiti 96 za kichwa, zinabaki baiti 8,096. Rekodi zetu zina baiti 200 kila moja, na kila rekodi hula baiti 2 nyingine mwishoni mwa ukurasa kwa ajili ya kuonyesha ilipo. Kwa hiyo ukurasa unabeba rekodi 40, na jedwali zima linakaa kwenye kurasa 100,000, kama MB 780.

Usiku indeksi imejengwa upya kwa kiwango cha kujaza cha asilimia 100 (ndicho kinachotumika usipotaja kingine, `0` na `100` ni kitu kimoja). Kurasa zote zimejaa pomoni. Asubuhi inaingia rekodi ya kwanza, inatakiwa kukaa kwenye ukurasa fulani, na ukurasa hauna nafasi. Seva inatafuta ukurasa mpya, inahamishia huko karibu nusu ya rekodi, inarekebisha viungo vya kurasa jirani, inaongeza kiingilio kwenye ngazi ya juu ya indeksi, na yote hayo yanaandikwa kwenye logi. Rekodi moja ya baiti 200 imesababisha uandishi wa maelfu ya baiti.

Siku hiyo zikiingia rekodi 40,000, hesabu ya bahati nasibu inaonyesha kwamba takriban theluthi moja ya kurasa zitapata angalau rekodi moja. Hizo ni kurasa 33,000 zinazopasuka kwa siku moja. Jioni indeksi ina kurasa 133,000, ujazo wake umeshuka hadi kama asilimia 76, na mtawanyiko unakaribia asilimia 50, kwa sababu kila mpasuko huvunja mfuatano mara mbili: kwenda kwenye ukurasa mpya na kurudi kutoka huko. Kazi ya usiku inaona asilimia 50, inajenga upya, inazijaza kurasa tena, na kesho yake mipasuko inaanza upya. Ingeachwa bila kuguswa, zile kurasa zilizokwisha kupasuka zingekuwa na nafasi ya rekodi 20 kila moja, na mipasuko ingepungua yenyewe.

Sasa ijenge indeksi hiyohiyo kwa kiwango cha asilimia 80:

```sql
ALTER INDEX PK_Maagizo ON dbo.Maagizo
REBUILD WITH (FILLFACTOR = 80);
```

Kila ukurasa unaanza na rekodi 32 na nafasi 8 wazi. Kurasa ni 125,000, yaani robo zaidi, na robo hiyo unailipia kwenye diski na kwenye kumbukumbu ya seva pia, kwa sababu ukurasa hupandishwa mzima pamoja na uwazi wake. Lakini kwa kasi ileile ya rekodi 40,000 kwa siku, baada ya wiki nzima ni kurasa chini ya 100 zitakazokuwa zimepasuka. Baada ya wiki mbili ni kama 5,000. Wiki ya tatu ndipo wimbi linapoanza, karibu robo ya kurasa zikiwa zimefikia mwisho. Kwa hiyo indeksi hii inastahili kujengwa upya kila baada ya wiki mbili hivi, kabla ya wimbi, hata kama kipimo cha mtawanyiko bado kinaonekana kidogo. Jedwali likikua huku kasi ya kuingiza ikibaki ileile, muda huo unarefuka.

Kiwango cha kujaza hutumika wakati wa kuunda au kujenga upya tu. Seva haikilindi wakati rekodi zinaingia. Ndiyo maana kwenye indeksi ya namba zinazopanda, kama `IDENTITY`, kuweka 80 ni hasara tupu: rekodi mpya zote huenda mwishoni, kurasa za mwisho hujazwa kabisa, na uwazi ulioacha kwenye kurasa za zamani hautapata mtu wa kuukalia. Isipokuwa pale rekodi za zamani zinaporefuka baadaye, mfano safu ya maelezo iliyoingizwa tupu kisha ikajazwa.

`REORGANIZE` nayo isichukuliwe kama toleo jepesi la kitu kilekile. Inabana kurasa zilizo chini ya kiwango, ila haitoi rekodi kwenye kurasa zilizozidi. Kwa ufunguo wa nasibu inaziba nafasi pale zilipo na haifungui nafasi pale zinapohitajika.

Kabla ya kuamua chochote, tazama ujazo kwanza, mtawanyiko baadaye:

```sql
SELECT page_count,
       avg_page_space_used_in_percent,
       avg_fragmentation_in_percent
FROM sys.dm_db_index_physical_stats(
  DB_ID(), OBJECT_ID('dbo.Maagizo'),
  1, NULL, 'SAMPLED');
```

Usitumie `LIMITED` hapa, maana hairudishi ujazo. Mtawanyiko huumiza hasa pale seva inaposoma mfululizo mrefu wa kurasa kutoka diski ya sahani. Ulizo linalotafuta rekodi moja kwa ufunguo halijali mpangilio wa kurasa, na zilizokwisha kuingia kwenye kumbukumbu hazijali pia. Ujazo mdogo, kinyume chake, unakugharimu popote pale. Indeksi ya kurasa chini ya 1,000, yaani MB 8, iache tu.

Hali iliyo wazi ya kujenga upya ni baada ya kufuta kwa wingi kwenye ufunguo unaopanda. Ukifuta nusu ya rekodi za zamani kwa kuchagua hapa na pale, ujazo utashuka hadi 50 na mashimo hayo hayatajazwa kamwe. Jenga upya mara moja, kwa 100.

Halafu kuna mtego unaowafanya wengi waape kwamba kujenga upya kuliwasaidia: `REBUILD` husasisha takwimu za indeksi kwa kusoma rekodi zote. Ulizo lililokuwa likichukua mpango mbovu kwa sababu ya takwimu za zamani linapata mpango mpya, na sifa zinakwenda kwenye mtawanyiko. Ulizo likizorota, jaribu hili kwanza:

```sql
UPDATE STATISTICS dbo.Maagizo
PK_Maagizo WITH FULLSCAN;
```

Kasi ikirudi, indeksi haikuwa na kosa, na umeepuka kuandika MB 780 kwenye logi na kulifunga jedwali kwa muda wote huo, kwa kuwa `ONLINE = ON` kwenye seva uliyosakinisha mwenyewe inahitaji toleo la Enterprise. Kasi isiporudi na ujazo uko chini ya 70, hapo ratibu `REBUILD`, na hakikisha faili la data lina nafasi wazi ya kutosha indeksi nzima mpya, kwa sababu ya zamani haiondolewi mpaka mpya imekamilika.