Mbinguni ni bustani au mji?

"Mimi Mkristo, mume wangu Mwislamu. Binti yetu wa miaka tisa anauliza: bibi anasema peponi ni bustani yenye mito, kanisani wanasema ni mji wa dhahabu. Nani mkweli? Nimjibu nini?"

Dada, usimfanye achague. Muulize kwanza kila picha inaahidi nini.

Msomeeni Sura ya Muhammad, aya ya 15. Kuna mito ya maji, maziwa, mvinyo na asali. Maji hayo hayavundi na maziwa hayo hayabadiliki ladha. Mtoto aliyewahi kuona maziwa yakichacha mchana wa joto ataelewa mara moja: neema isiyoharibika.

Kisha fungueni Ufunuo 21. Dhahabu ndiyo inayokumbukwa na wengi, ila mimi naona vipimo ndivyo vyenye siri. Urefu, upana na kimo cha mji ni sawasawa. Katika 1 Wafalme 6:20, Patakatifu pa Patakatifu pa hekalu la Sulemani pana umbo hilohilo, dhiraa ishirini kila upande. Chumba kama hicho kuhani mkuu aliingia mara moja kwa mwaka, siku ya upatanisho. Sasa mji mzima umekuwa chumba hicho, watu wanaishi ndani, na malango hayafungwi. Ndiyo maana Yohana anasema hakuona hekalu humo.

Akibisha kwamba bado ni vitu viwili tofauti, mwonyeshe mlango wa 22: mto na mti wa uzima viko katikati ya mji huohuo.