Mshahara wa 950,000 au kamisheni?

"Shangazi, kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar es Salaam inanipa 950,000 kwa mwezi, bima ya afya yangu na watoto, ambayo sasa najilipia 900,000 kwa mwaka, na bonasi kampuni ikipata faida. Nyingine inanipa 600,000, kamisheni na kozi ya mauzo, na wanasema nitafikisha 1,200,000. Niende wapi? – Muuzaji, Tabata"

Mwanangu, hesabu kwa mwaka mzima, kabla ya makato, kwa kuwa kamisheni nayo hukatwa kodi kama mshahara. Kampuni ya kwanza inakupa 11,400,000, na ukiongeza bima utakayoacha kujilipia unapata 12,300,000. Bonasi iandike sifuri, hadi mfanyakazi wa pale akuhakikishie kuwa mwaka jana ililipwa na kwa kiasi gani.

Masharti ya kampuni ya pili uliyoniambatanishia yanasema kamisheni ni asilimia 4 ya mauzo yanayozidi milioni 10 kwa mwezi. Ili upate hizo 600,000 za ziada, sharti uuze bidhaa za milioni 25 kila mwezi, na kwa mwaka ungefikisha 14,400,000. Lakini miezi mitatu ya mwanzo, ukiwa bado unatafuta wateja, huenda usivuke milioni 10 kabisa, na miezi mitatu ya masika, mafundi wanaposimamisha kazi, tuseme utauza milioni 15, ambazo zinakuletea kamisheni ya 200,000 tu. Hapo kamisheni ya mwaka inashuka hadi 4,200,000, na jumla yako inakuwa 11,400,000.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni neno "mauzo". Uliza kama kamisheni inahesabiwa ankara inapotolewa au mteja anapomaliza kulipa, maana wenye maduka ya vifaa huchukua mzigo kwa mkopo, na fedha yako inaweza kukaa miezi miwili kwa mtu mwingine. Uliza pia kama michango ya NSSF inakatwa juu ya kamisheni au juu ya 600,000 pekee, kwa sababu mafao yako yatafuata kiasi kilichochangiwa.

Kuhusu kozi, soma kifungu kinachokutaka urudishe gharama ukiondoka kabla ya miaka miwili, kwani kozi ya namna hiyo ni deni hadi muda uishe. Nafasi ya kupanda cheo utaijua ukiuliza aliyekuwa na kazi hiyo kabla yako yuko wapi sasa: akiwa msimamizi wa mauzo humo humo, kampuni ya pili ina thamani ambayo hesabu yangu haikuigusa.

Mimi ningeomba kampuni ya pili inihakikishie kwa maandishi kamisheni ya 300,000 kila mwezi kwa miezi mitatu ya kwanza. Hizo 900,000 ndizo zinazozisawazisha kampuni hizi katika mwaka wa kwanza, na wakikataa, nenda kwenye 950,000.