Mwendo wa mtu kwenye kamera: kwa nini nilikataa kuandika jina

*"Wakuu, duka letu limevunjwa wiki iliyopita. Kamera ya uchochoroni imemnasa mtu akipita usiku, kofia imeziba uso. Bosi na wenzangu wanasema wamemtambua kwa mwendo na umbo, kwamba ni kijana wetu wa stoo. Wanataka na mimi niandike maelezo yenye jina lake. Mwendo unatosha kumtaja mtu?"*

Pole kwa hasara, mkuu. Jina usiandike. Nafunga kamera hapa Dar tangu 2013, na kisa karibu sawa na chako kilinikuta kwenye duka moja la vifaa vya umeme Kariakoo. Niliitwa nitoe video kwenye DVR, ile mashine inayorekodi kamera, nikamkuta mwenye duka ameshamaliza kesi: "Huyo ni kijana wangu wa stoo, nimekaa naye miaka minne, anachechemea hivyo hivyo." Nitakueleza nilichokikuta kwenye ile video, maana naamini na yako ina mambo yale yale.

Nilianza na kule kuchechemea. Mtu mzima akitembea kawaida hupiga hatua mbili hivi kwa sekunde, yaani hatua moja ni nusu sekunde. Ile mashine ilikuwa imepangwa kurekodi picha 6 kwa sekunde, kwa sababu fundi aliyetangulia alitaka diski ichukue siku nyingi. Piga hesabu: kila hatua inapata picha tatu tu. Kisigino kinapogusa chini, goti linapokunjwa, kidole kinaponyanyuka, hayo yote yanapita ndani ya nusu sekunde, na wewe umeachiwa vipande vitatu. Sehemu iliyobaki inajazwa na jicho lako, na linaijaza kwa mtu ambaye tayari unamfikiria.

Kuna na baya zaidi. Mashine ikielemewa na kamera nyingi, picha hazihifadhiwi kwa nafasi sawa. Mbili zinafuatana haraka, moja inaruka, kisha inakuja nyingine. Ukiitazama, mtu anaonekana anasita mguu mmoja na kuuvuta mwingine. Ukiwa na kompyuta yenye programu ya ffprobe unaweza kuangalia mwenyewe muda wa kila picha:

```
ffprobe -select_streams v:0 -show_entries frame=best_effort_timestamp_time -of csv=p=0 video.mp4
```

Namba zikipishana sawasawa, angalau hilo limepita. Zikiruka, mwendo unaouona si wa mtu peke yake, mashine imechangia. Na kama huna kompyuta, njia rahisi ni hii: mtafute mtu mwingine aliyepita mbele ya kamera ile ile usiku ule ule. Sisi tulimpata mlinzi wa jengo, saa 8:40 usiku. Naye alikuwa anachechemea kwenye video. Nikamwita, akatembea mbele yetu sote pale pale uchochoroni. Miguu yake haina tatizo lolote.

Nikaja kwenye umbo. Mwenye duka alisema mtu wa kwenye video ni mpana mabegani, kama kijana wake. Kamera ilikuwa ya zamani, picha yake ya pikseli 704 kwa 576, ambayo inatakiwa ionyeshwe kwa uwiano wa 4 kwa 3. Runinga ya ofisini ni pana, 16 kwa 9, na ilikuwa inaivuta picha ijaze kioo chote. Hapo kila mtu anaongezeka upana kwa theluthi moja. Niliporudisha uwiano wake, yule "mpana" akawa mwembamba wa kawaida. Ofisi nzima ilikaa kimya kidogo. Angalia hilo kwenye video yako kabla ya jambo lingine lolote, linachukua dakika moja: kama matairi ya gari au ndoo za mviringo zinaonekana kama yai, picha imevutwa.

Na kimo? Hiki watu hukiamini sana kwa sababu kinapimika. Lakini kichwa cha mtu anayetembea hupanda na kushuka kama sentimita 4 au 5 kwa kila hatua. Viatu vinaongeza, kofia inaongeza, kuinama kunapunguza, na kamera iliyofungwa juu inafupisha miguu na kukuza kichwa. Njia ya uhakika kidogo ni kwenda na mti wenye alama za sentimita, kuusimamisha mahali pale pale mtu alipokanyaga, kuurekodi kwa kamera ile ile bila kuisogeza, kisha kulinganisha picha mbili. Tulifanya hivyo. Tulipata kati ya sentimita 166 na 176. Kijana wa stoo ana 171. Mlinzi ana 170. Shemeji yake mwenye duka ana 169, na mimi mwenyewe nina 173. Kipimo kama hicho kinaweza kumtoa mtu, kwa mfano mwenye futi sita na nusu. Kumwingiza mmoja na kuwaacha wengine wote hakiwezi.

Pikseli nazo zilikuwa chache. Pale alipopita, kamera ilikuwa inaona upana wa mita 8, kwa hiyo pikseli 704 zinagawanywa kwa 8 na kila mita inapata 88. Viwango vya kimataifa vya kamera za usalama, IEC 62676-4, katika toleo la 2014 vilitaka 125 kwa mita ili umtambue mtu unayemjua tayari, na 250 ili umtambue usiyemjua. Na ilikuwa usiku: kamera ikikosa mwanga inaukusanya kwa muda mrefu zaidi kwa kila picha, na mguu unaorushwa mbele unakuwa ukungu. Mwanga wa infraredi nao hubadilisha rangi, vitambaa vingi vyeusi vinatoka kijivu au vyeupe. "Koti lake la kijivu" huenda lilikuwa jeusi.

Mwenye duka hakuridhika. Akaniambia, "Fundi, wewe unaongelea mashine, mimi naongelea mtu ninayemjua." Ni hoja ya haki, kwa hiyo nikaomba tuijaribu. Kutoka kwenye mashine ile ile nilikata vipande 12 vya sekunde tatu tatu, vya wafanyakazi na majirani wakipita uchochoroni usiku wa kufunga maduka, nikaziba vichwa, nikavichanganya. Nikamwambia ataje majina, na akiwa hamjui mtu aseme simjui. Alipata 5. Katika alizokosa, mara mbili alimtaja kijana wa stoo, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa fundi cherehani wa duka la jirani. Kilichoniumiza zaidi ni kwamba katika vipande vyote 12 hakusema "simjui" hata mara moja.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba matokeo ya aina hii si ya Kariakoo tu. Mwaka 1977 watafiti wawili wa Marekani, Cutting na Kozlowski, waliwaonyesha watu video za marafiki zao wakitembea, kinachoonekana kikiwa ni nukta za mwanga tu, kutoka vipande vya utepe unaoakisi mwanga vilivyofungwa kwenye viungo vya mwili. Marafiki walikuwa 6, kwa hiyo kubahatisha tu kungewapa karibu asilimia 17. Walipata 38. Maana yake mwendo una habari ndani yake, silikatai hilo, lakini hata kwa rafiki yako wa karibu unakosea mara nyingi kuliko unavyopatia. Mwaka 1999 kundi jingine, la Chuo Kikuu cha Glasgow, liliwapa wanafunzi video mbovu za kamera za usalama zenye wahadhiri wao. Walipoona uso waliwatambua vizuri sana. Mwili au mwendo ulipofichwa walishuka kidogo tu, lakini uso ulipofichwa walianguka vibaya. Basi tunapodhani tumemjua mtu kwa mwendo, mara nyingi uso ndio uliotusaidia, au nguo, au mahali tulipotarajia kumwona. Ukiondoa uso, kinachobaki ni lile tarajio. Na bosi wako ana tarajio kubwa: aliyeingia alijua mali ilipo, na anayejua stoo ni kijana wa stoo.

Kuna watakaokuambia Ulaya mwendo unakubaliwa mahakamani. Ni kweli, London mtaalamu wa miguu alitoa ushahidi wa mwendo kwenye mahakama ya Old Bailey mwaka 2000, na wengine wamefuata. Lakini mwaka 2017 Royal Society, jumuiya ya wanasayansi ya Uingereza, ilitoa mwongozo kwa ajili ya mahakimu, na humo inaelezwa kuwa hakuna ushahidi kwamba mwendo wa kila mtu ni wa peke yake, wala hakuna kumbukumbu za kuaminika za kuonyesha alama fulani ya mwendo ni adimu kiasi gani. Hilo la pili ndilo zito. Tuseme video yako ni safi kabisa na mtu anaonekana ana matege na nyayo zimetazama nje. Sawa, na kijana wenu ana matege. Wanaume wangapi wenye matege wanalala ndani ya kilomita mbili za duka lenu? Hakuna aliyewahesabu. Na mwendo wa mtu huyo huyo unabadilika akivaa kandambili, akibeba begi begani, akiwa na haraka, akiwa na woga. Mwizi ana vyote hivyo kwa wakati mmoja.

Hapa kwetu, Mahakama ya Rufani ilishasema mwaka 1980 katika shauri la Waziri Amani kwamba utambuzi wa kuona kwa macho usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa: umbali, mwanga, muda wa kutazama, kama shahidi alimjua mtu kabla. Lile lilihusu shahidi aliyekuwepo. Ninyi mnatazama kioo.

Kwa hiyo maelezo yako yaandike kwa ulichokiona. Mimi niliandika hivi: "Saa ya mashine inaonyesha 02:14, mashine iko mbele ya saa halisi kwa dakika 6. Mtu mmoja anapita kutoka upande wa barabara kuelekea mlango wa nyuma, kimo kati ya sentimita 166 na 176, amevaa kofia na koti, rangi haiwezi kuthibitishwa. Uso hauonekani. Siwezi kusema ni nani." Mwenye duka alinuna, lakini nilisaini hayo na si zaidi. Ila picha ilikuwa imeshatangulia kwenye kundi la WhatsApp ikiwa na jina. Yule kijana alizongwa na watu stendi siku ya pili, akaokolewa na bodaboda anayemfahamu. Hakuna aliyemkuta na kitu. Aliacha kazi baada ya miezi miwili, na aliyepita uchochoroni hajajulikana mpaka leo. Kama yako imesharushwa, mwambie bosi aifute leo na aseme kwenye kundi hilo hilo kwamba haijathibitishwa.

Halafu toa faili lenyewe kwenye mashine, usirekodi kioo kwa simu, na andika tofauti ya saa. Pita kwa majirani wote wenye kamera kwenye njia ya kuja na kuondoka, hasa maduka ya dawa na mawakala wa fedha, maana kamera zao hufungwa chini na karibu, usawa wa uso. Mashine nyingi za madukani hufuta za zamani baada ya wiki mbili hivi, na wewe umeshatumia moja.